Mfuko wa Nani, kwa Muda Gani? Kupima Gharama na Ufanisi wa Tiba ya Sonona katika Kliniki za VVU

*Mhadhara wa hadhara uliotolewa mjini Lushoto*



Nawashukuru kwa kupanda mlima siku ya kazi kuja kusikiliza hesabu. Nitawaonyesha namna ya kujibu swali moja ambalo litafika mezani kwenu mtakapoandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri: tukiongeza tiba ya sonona ndani ya kliniki ya VVU, kinachopatikana kinalingana na fedha inayotoka? Nitatumia kliniki ya mfano. Takwimu zake nimezikisia ili tujifunze njia. Wenye daftari za kliniki mtaweka zenu mahali pa zangu.

Tuelewane kwanza juu ya neno. Sonona si huzuni ya msiba wala uchovu wa kulima bustani ya viazi. Ni hali inayodumu wiki mbili na zaidi: moyo mzito, kukosa raha na yale yaliyokuwa yakikufurahisha, usingizi kuvurugika, kujiona huna thamani, na wengine kutamani kufa. Mgonjwa haji kliniki akasema "nina sonona". Husema "mawazo yamenizidi", au "mwili umekufa ganzi". Milima hii inaijua tiba ya akili tangu zamani. Lutindi, upande wa Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne iliyopita ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ila mwenye sonona kwa kawaida hapelekwi Lutindi. Anachuma chai, anauza kabeji, anachukua dawa zake za VVU, na hakuna anayemuuliza.

Hoja ya kwanza: Unalinganisha nini na nini?

Uchambuzi wa gharama na ufanisi haupimi kitu kimoja peke yake. Unaweka njia mbili sambamba: huduma ilivyo leo, na huduma ilivyo leo pamoja na nyongeza. Kisha unauliza: nyongeza imeongeza gharama kiasi gani, na imeongeza afya kiasi gani? Unagawanya la kwanza kwa la pili. Ndiyo hesabu yote.

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kusahau kwamba watu hupona hata bila nyongeza. Chukueni mfano wa jirani zetu. Kaskazini mwa Uganda, katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader, Daktari Etheldreda Nakimuli-Mpungu na wenzake walifanya utafiti katika vituo vya afya 30, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Watu 1,140 wanaoishi na VVU, wenye sonona ya kiwango cha chini hadi cha kati, waligawanywa kwa vituo. Upande mmoja walipata tiba ya vikundi iliyoongozwa na wahudumu wa kawaida wa jamii waliopewa mafunzo. Upande wa pili walikutana kwa vikundi vilevile, lakini wakapewa elimu ya VVU tu. Miezi sita baada ya tiba, upande wa kwanza walibaki wawili tu wenye sonona. Upande wa elimu walibaki 160, yaani 28 katika kila 100.

Tazameni upande huo wa pili. Watu 72 katika kila 100 hawakuwa tena na sonona ingawa hawakupata tiba yenyewe. Mtu akija kwenu akasema "mradi wangu umeponya 72 katika 100", muulizeni: wangapi wangepona kwa kukutanishwa tu na wenzao, au kwa kupita kwa muda? Faida halali ya tiba ile ya Uganda ni tofauti ya pande mbili, karibu watu 28 katika 100, na hiyo ni faida kubwa. Watafiti wale walikadiria kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliookolewa uligharimu dola 13. Kabla hatujaileta namba hiyo Lushoto, tuone inavyotengenezwa.

Hoja ya pili: Makisio yawekwe mezani, moja baada ya jingine

Tuchukue kliniki yenye watu wazima 1,000 wanaotumia dawa. Nakisia 120 kati yao wana sonona ya kweli. Muuguzi anampima kila mmoja kwa dodoso la PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla haizidi 27, na anayefika 10 anahesabiwa kuwa na dalili za kutosha. Monahan na wenzake walilijaribu kwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya na kuchapisha mwaka 2009, na Tanzania pia limefanyiwa uhakiki.

Dodoso si mizani ya dhahabu. Maswali matatu kati ya yale tisa yanahusu usingizi, uchovu na hamu ya kula, na mtu anaweza kuwa na yote matatu kwa sababu ya kifua kikuu. Nakisia linawanasa 80 kati ya kila 100 wenye sonona, na linawanasa kimakosa 10 kati ya kila 100 wasio nayo.

Hapa naomba mhesabu pamoja nami. Wenye sonona 120 wananaswa 96. Wasio nayo ni 880, wananaswa kimakosa 88. Jumla ni watu 184 waliovuka alama 10, na karibu nusu yao hawana sonona. Mama mmoja muuguzi hapa mbele anatikisa kichwa, na ana haki. Ukianza tiba kwa alama ya dodoso peke yake, nusu ya jitihada yako inakwenda kwa wasiohitaji. Kwa hiyo lazima kuwe na mahojiano ya pili ya nusu saa kwa kila aliyevuka, na muda huo uingie kwenye gharama.

Kati ya 96 wa kweli, nakisia robo tatu watakubali na kuhudhuria, yaani 72. Hao tunawapanga vikundi vinane vya watu tisa, kila kikundi kinakutana mara nane. Sasa gharama za mwaka kwa mfuko wa huduma ya afya:

Kupima watu 1,000 kwa dakika sita kila mmoja ni saa 100 za muuguzi. Saa yake nikiithamini shilingi 5,000, ni 500,000. Mahojiano 184 ya nusu saa ni saa 92, yaani 460,000. Vikao 64, vikiwa na waongozaji wawili kwa posho ya 10,000 kila mmoja, ni 1,280,000. Mafunzo ni 3,000,000, lakini yanatumika miaka mitatu, kwa hiyo mwaka mmoja unabeba 1,000,000. Usimamizi wa kila mwezi wa mtaalamu wa afya ya akili ni 1,200,000. Dawa kama fluoxetini kwa watu 10 wenye hali nzito, 360,000. Karatasi na simu, 200,000. Jumla ni shilingi 5,000,000.

Mnaona posho za vikao, ambazo ndizo watu huzifikiria kwanza, hazifiki theluthi. Usimamizi unakaribia kulingana nazo, na usimamizi ndio wa kwanza kukatwa bajeti ikibana. Ukiukata, gharama inapungua kwenye karatasi, lakini waongozaji wanaanza kutoa mawaidha badala ya tiba, na ule upungufu wa sonona uliokisia haupo tena. Unabaki na hesabu nzuri ya huduma isiyokuwepo.

Matokeo sasa. Nakisia tiba itaongeza waliopona kwa 25 katika kila 100, chini kidogo ya ile ya Uganda. Katika 72, hao ni watu 18 zaidi. Ili kulinganisha na huduma nyingine, tunageuza kupona kuwa miaka ya maisha yenye afya iliyookolewa, inayopimwa kwa DALY. Makadirio ya mzigo wa magonjwa duniani yanasema mwaka wenye sonona nyepesi unapoteza sehemu 0.145 ya afya, sonona ya kati 0.396, na nzito 0.658. Nachukua 0.25 kwa mchanganyiko wa nyepesi na ya kati. Nakisia pia mtu aliyepona anabaki na nafuu yake mwaka mmoja. Basi: 18 × 0.25 × 1 = DALY 4.5.

Shilingi 5,000,000 kwa 4.5 ni takriban 1,110,000 kwa kila mwaka mmoja wa afya uliookolewa.

Ni ghali au rahisi? Zamani ilikuwa desturi kusema kitu kisichozidi pato la mtu mmoja kwa mwaka ni cha faida sana, na kisichozidi mara tatu kinakubalika. Desturi hiyo imekosolewa kwa haki, kwa sababu haiulizi fedha hiyo ingeokoa nini mahali pengine katika wilaya hiyohiyo. Wachumi wa afya siku hizi wanashauri kipimo kigumu zaidi kwa nchi kama yetu, nusu ya pato hilo au chini ya hapo. Pato la Mtanzania mmoja ni kama shilingi milioni 3 kwa mwaka. Nusu yake ni milioni 1.5. Kliniki yetu ya mfano imepita, lakini kwa karibu.

Hoja ya tatu: Gharama imehesabiwa kwa mfuko wa nani?

Mpaka hapa nimehesabu kwa mfuko wa huduma ya afya. Mtazamo huo unawafaa wanaopanga bajeti. Lakini mgonjwa naye ana mfuko.

Fikirieni mtu wa Mtae. Kwa sababu hali yake ya VVU ni nzuri, anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, na hiyo imempunguzia safari. Sasa tunamwambia aje vikao nane, wiki baada ya wiki. Nakisia nauli ya kwenda na kurudi, gari na bodaboda, ni 6,000 kwa wastani wa wagonjwa wote, na kila kikao kinamla nusu siku ya kibarua, 4,000. Kwa watu 72 na vikao nane, nauli ni 3,456,000 na kibarua kilichopotea ni 2,304,000. Jumla 5,760,000. Wagonjwa wanalipa zaidi ya kliniki!

Kwa mtazamo wa jamii nzima, gharama inakuwa 10,760,000, na kila DALY inagharimu karibu 2,390,000. Huduma ileile, watu walewale, na sasa imevuka mpaka wa milioni 1.5. Makisio ya afya hayajabadilika hata moja. Kilichobadilika ni mfuko tuliouangalia.

Diwani mmoja ananiuliza kwa ishara: basi tuache? Hapana, mheshimiwa. Mtazamo wa jamii unatuonyesha pa kurekebisha. Peleka vikao vijijini, mwongozaji ndiye asafiri. Nauli ya mwongozaji nikiikisia 15,000 kwa kikao, vikao 64 vinagharimu 960,000, na nauli za wagonjwa 3,456,000 zinaondoka. Mfuko wa afya unapanda hadi 5,960,000, yaani 1,320,000 kwa DALY, na bado uko chini ya mpaka. Gharama ya jamii inashuka kutoka 10,760,000 hadi 8,264,000. Anayeangalia mfuko wake peke yake ataona vikao vya kijijini ni ghali zaidi, na atavikataa. Ndiyo maana nasisitiza mtazamo utajwe juu kabisa ya ukurasa.

Haki inataka tuhesabu pia kinachorudi. Aliyepona sonona anarudi shambani. Kila mmoja wa wale 18 akipata siku tatu za kazi zaidi kwa mwezi, kwa 8,000 kwa siku, ni shilingi 5,184,000 kwa mwaka. Nashauri iandikwe mstari wake wenyewe, pembeni. Ukiichanganya kimyakimya na gharama, msomaji hawezi kujua uamuzi umesimama juu ya afya au juu ya vibarua ulivyovikisia.

Hoja ya nne: Tikisa mti uone tunda lipi linaanguka

Wataalamu huita hatua hii uchambuzi wa unyeti. Hapa kwetu penye miti ya matunda, nauita kutikisa mti. Unabadilisha kisio moja, mengine unayaacha, unaangalia jibu linasogea kiasi gani. Narudi kwenye mfuko wa afya na lile jibu la 1,110,000.

Gharama zote zikipanda kwa nusu, jibu ni 1,670,000. Idadi ya wenye sonona ikiwa 60 badala ya 120, jibu ni kama 1,810,000, kwa sababu bado unapima watu 1,000, unafundisha na kusimamia vilevile, ila unaowaponya ni nusu. Tofauti ya kupona ikiwa 15 katika 100 badala ya 25, jibu ni 1,850,000.

Sasa tikiseni muda. Nafuu ikidumu nusu mwaka, jibu ni 2,220,000. Ikidumu miaka miwili, ni 560,000, tukiacha marekebisho madogo ya 3% kwa mwaka wa pili. Hakuna kisio jingine nililotikisa lililolisogeza jibu hivi. Na ndilo kisio ambalo watu hulipitisha bila kulitaja, kwa sababu tafiti nyingi huishia mwezi wa sita.

Tunaweza kuigeuza hesabu. Ili gharama ya 5,000,000 isizidi milioni 1.5 kwa DALY, zinahitajika DALY 3.33, na hiyo ina maana nafuu idumu kama miezi tisa. Chini ya hapo huduma haipiti, juu ya hapo inapita. Swali kubwa la uchumi limegeuka kuwa jambo ambalo muuguzi anaweza kulipima: je, miezi tisa baada ya kikao cha mwisho, hawa watu bado wana nafuu?

Na ile dola 13 ya Uganda? Kwa shilingi ni kama 32,500, na yangu ni zaidi ya mara 30 ya hiyo. Mkikutana na tofauti kama hii msikimbilie kusema mmoja amekosea. Ulizeni maswali manne: gharama ya kupima watu wote ili kuwapata wagonjwa imehesabiwa? Usimamizi umehesabiwa? Tofauti ya kupona ilikuwa kiasi gani? Nafuu imekisiwa kudumu muda gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo hutenganisha namba mbili za huduma moja.

Tahadhari moja: kutikisa kisio moja moja hakutoshi, maana katika maisha mabaya huja pamoja. Kliniki isiyo na usimamizi ina mahudhurio madogo na pia nafuu fupi. Mwenye kompyuta aiendeshe hesabu mara 1,000, makisio yote yakibadilika kwa wakati mmoja, kisha aseme ni mara ngapi jibu limekaa chini ya mpaka.

Hoja ya tano: Tiba ya sonona isibebwe mgongoni mwa VVU

Wengi wanaotetea huduma hii husema: tibu sonona, mgonjwa atameza dawa, virusi vitafubaa. Uhusiano huo ni wa kweli. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wenye dalili za sonona wana uwezekano mdogo kwa 55% wa kumeza dawa vizuri.

Lakini tuangalie nafasi iliyobaki. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta kati ya watu wazima wanaotumia dawa, takriban 94 katika kila 100 virusi vyao vimefubazwa. Katika kikundi cha watu 72, hata kama wenye sonona wako nyuma kidogo ya wenzao, wanaoweza kusogezwa ni wachache. Hesabu iliyosimama juu yao itayumba kila mwaka, na siku virusi vikifubaa kwa 98 katika 100, mtu atasema sonona haina haja ya kutibiwa tena. Waliokwisha kuacha kliniki ni jambo jingine, na hao inafaa wahesabiwe, lakini hawapo kwenye foleni ya kupimwa. Huwezi kuwapata bila WAVIU washauri kuwafuata nyumbani, na gharama hiyo nayo iandikwe.

Mimi nimeziacha faida za virusi nje ya hesabu kwa makusudi. Zile DALY 4.5 ni za sonona peke yake. Mtu anayelala usiku, anayecheka na wanawe, anayerudi kwenye kikundi chake cha kuweka akiba, hiyo ni afya iliyookolewa, hata kama kipimo cha virusi kilikuwa kizuri tangu mwanzo.

Kutazama mbele

Ndugu zangu, Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na wote mliomo humu mnajua ni nani alikuwa akilipa mishahara ya washauri wengi wa kliniki zetu. Siku ile swali la "mfuko wa nani" lilitoka vitabuni. Ni vema mpango ujao uandikwe kwa namna ambayo kila gharama ina jina la mwenye kuilipa, ili mmoja akiondoka tujue kinachoanguka.

Nawaachia mambo matatu ya kufanya kabla ya bajeti ijayo. Kliniki moja ianze, ipime watu wake wote, na iandike walionaswa wangapi na waliothibitishwa wangapi. Muuguzi asianze kuuliza swali la tisa, lile la kutamani kufa, kama siku hiyo hakuna mtu wa kumpokea atakayejibu ndiyo. Na tarehe ya mwezi wa tisa baada ya kikao cha mwisho iandikwe kwenye daftari mapema, jina kwa jina, ili ikifika mtu afuatwe na aulizwe maswali yaleyale tisa.

Mkirudi hapa na majibu ya mwezi wa tisa, nitafuta kisio langu ubaoni na kuandika lenu. Hapo mhadhara utakuwa wenu, nami nitakaa kwenye benchi nisikilize.